Wasifu Unaoanzia Darini

Msanifu majengo anayeingia kwenye shindano hupewa nafasi finyu ya kujieleza, pengine nusu ukurasa. Wengi huijaza vyeo, vyuo na orodha ya majengo. Jaji akimaliza kusoma anajua mtu huyu amejenga nini, ila hajui anafikirije.

Tumchukue Diébédo Francis Kéré, aliyezaliwa mwaka 1965 huko Gando, Burkina Faso. Utotoni alisomea katika darasa lenye msongamano na joto kali. Akiwa bado mwanafunzi wa usanifu mjini Berlin, aliwajengea watoto wa kijiji chake shule ya msingi, iliyokamilika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kisha ukashindiliwa. Dari nayo ni ya matofali, yamepangwa yakaachiwa nafasi za kupitisha hewa. Bati halikulazwa juu ya dari hiyo. Limeinuliwa kwa fremu ya nondo zilizochomelewa, pakabaki uwazi mpana katikati. Jua likipiga bati, joto lake haliwashukii wanafunzi. Hewa ya moto hupanda, hupenya darini na kutokea kwenye uwazi ule, huku hewa ya ubaridi ikiingia madirishani.

Miaka 20 baadaye, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, likafunguliwa jengo lake jingine, chuo cha teknolojia cha Startup Lions. Hapo utaona minara mirefu mfano wa vichuguu vya eneo hilo. Minara hiyo hutoa hewa ya moto juu, na matundu ya chini huingiza hewa safi. Sura imebadilika, swali ni lile lile.

Sasa linganisha namna mbili za kuyaandika hayo. Ya kwanza: “Amejenga shule Burkina Faso na chuo Kenya, na mwaka 2022 alipata Tuzo ya Pritzker.” Yote ni kweli, lakini hayamwambii jaji atarajie nini. Ya pili: “Hulifanya jengo lenyewe liondoe joto: Gando kwa paa lililoachana na dari, Turkana kwa minara.” Kama shindano ni la zahanati katika nchi ya joto, sentensi hii ya pili tayari imeanza kujibu swali la waandaaji.

Uhusiano huo lazima uwe wa kweli. Aliyechora madirishani tu, katika ofisi ya mwingine, aseme hivyo. Na jengo lililoishia kwenye michoro litajwe kuwa ni mchoro.

Kuna pia mashindano ambayo majaji hawaruhusiwi kujua kazi ni ya nani. Huko wasifu hutumwa kando, na michoro hubeba namba tu. Msanifu akisahau jina lake kwenye kona ya mchoro, au hata kwenye jina la faili, kazi inaweza kuondolewa kabla haijatazamwa.