Je, Wajua? Wafuasi Wako Hawafuati Jina Lako

Fungua kivinjari cha simu yako uandike anwani hii:

```
https://x.com/jack/status/20
```

Utaletewa ujumbe wa kwanza wa Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twita, alioutuma tarehe 21 Machi 2006. Sasa futa neno `jack` uweke herufi `i` peke yake. Ujumbe ni ule ule. Mtambo haukuhangaika na jina. Ulisoma namba 20, ukajua ujumbe ni upi na mwenyewe ni nani. Dorsey naye, ndani ya mtambo huo, ni mtumiaji namba 12. Hata akibadili jina kila mwezi, atabaki kuwa 12.

Hivyo ndivyo mitandao mikubwa ilivyojengwa. Siku unapojisajili unapewa namba ambayo kwa kawaida huioni, na kila kitu chako kinafungwa kwenye namba hiyo: picha, video, jumbe za faragha, na orodha ya wafuasi. Mtu anapobonyeza kitufe cha kukufuata, kinachoandikwa ni kwamba namba yake inafuata namba yako. Jina lenye alama ya @ ni kibao tu kilichotundikwa mlangoni. Ukiling'oa na kutundika jingine, hakuna mfuasi hata mmoja anayedondoka.

Mkenya anayebadili jina kisheria atautambua mpango huu. Wakili humwandalia hati, hati inasajiliwa, kisha tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya, ambalo hutoka kila Ijumaa: fulani, aliyejulikana hapo awali kama fulani. Namba yake ya kitambulisho haiguswi. Mitandaoni sehemu ya namba hufanywa na mtambo, tena kwa sekunde chache. Sehemu ya gazeti haifanywi na yeyote. Instagram haimpigii mfuasi kengele kumwambia kwamba akaunti aliyoizoea ina jina jipya, na X vilevile. Watu hupoteana hapo, na hapo ndipo mwenye akaunti anapopaswa kufanya kazi.

Tumchukulie fundi wa nguo mwenye kibanda sokoni Kenyenya. Anashona sare za shule, magauni ya harusi na suti za sherehe. Alipofungua akaunti za Instagram na TikTok alijiita `mshonaji_kenyenya`, na lilimfaa. Sasa ana wateja Ogembo, Keroka na Nyamira, na Wakisii wa Nairobi wanaomtumia vipimo kwa simu. Jina la soko moja limeanza kumbana. Anataka kujiita `mshonaji_gusii`.

Kabla hajagusa chochote, ahesabu herufi. Instagram inaruhusu hadi 30, TikTok hadi 24, lakini X ni 15 tu. Jina lake la zamani lina 17, kwa hiyo kule X lisingeingia kamwe. Jipya lina 14, linaenea. Tatizo lililobaki ni kile kistari cha chini: Facebook haikikubali katika jina la ukurasa, inataka herufi, tarakimu na nukta basi. Akiking'ang'ania atakuwa na jina moja Instagram na jingine Facebook, na kila mteja atakayeambiwa "nitafute" itabidi aambiwe mara mbili. Heri aandike `mshonajigusii`, herufi 13 zisizo na alama, zinazopita kila mahali. Lina faida nyingine pia: mteja anaweza kutajiwa kwa simu bila kuelezwa kistari kiko wapi.

Kisha aangalie kama jina liko wazi katika kila mtandao. Kuna mtego hapa, na huwanasa watu waangalifu zaidi kuliko wazembe. Mtu huona jina liko wazi, akaogopa litachukuliwa, akafungua akaunti tupu ili kulishikilia. Siku ya kuhamisha inapofika, jina limekwama kwenye akaunti ile tupu. Akiifuta ndipo anajifungia kabisa, maana jina la akaunti iliyofutwa halirudi sokoni papo hapo. X huwashauri wenye nia hiyo wabadili kwanza jina la akaunti wanayotaka kuifunga, ndipo waifunge. YouTube hulihifadhi jina lililoachwa kwa siku 14, likiwa la mwenyewe akitaka kulirudia. Kama liko wazi leo na umeshaamua, njia fupi ni kubadili akaunti yako halisi leo hii, bila kupitia akaunti ya pembeni.

Kubadili kwenyewe ni kazi ndogo. Kwenye Instagram na TikTok unaingia `Edit profile`, unagusa `Username`, unaandika jipya na kuhifadhi. Lakini kila mtandao una kizuizi chake, na vizuizi hivyo vinadai mtu awe ameamua. TikTok hukuruhusu kubadili mara moja kwa siku 30, kwa hiyo ukikosea herufi moja utaishi nayo mwezi mzima. Instagram hukupa siku 14 za kurudia jina lako la zamani. Baada ya hapo mtu mwingine anaweza kulichukua. Na mwenye tiki ya buluu kule X asishtuke akiona imetoweka. Huondolewa hadi akaunti ikaguliwe upya, kwa hiyo si vizuri kubadili jina asubuhi ya siku ya tangazo kubwa.

Njia hii ya kubadili jina na kubaki na wafuasi imetumiwa hadi Ikulu ya Marekani. Januari 2021 wasaidizi wa Joe Biden walijua kwamba akaunti ya @POTUS wangekabidhiwa bila wafuasi iliyokuwa nao wakati wa Donald Trump. Wakafungua akaunti ya muda, @PresElectBiden, wakaanza kukusanya wafuasi. Siku ya kuapishwa, tarehe 20 Januari, akaunti hiyo hiyo ikapewa jina la @POTUS, na ile ya zamani ikawekwa kwenye kumbukumbu kama @POTUS45. Waliomfuata rais mteule walijikuta wanamfuata rais bila kubonyeza kitu. Miaka miwili na nusu baadaye, Julai 2023, Twita ilipojiita X, ilichukua jina @x kutoka kwa mpiga picha wa San Francisco, Gene X Hwang, ikaipa akaunti ya Hwang jina jingine. Jina lilikwenda, akaunti ikabaki kwake.

Hapa kwetu, Safaricom iliyojulikana kule Twita kama @SafaricomLtd leo ni @SafaricomPLC. Kampuni kubwa ina matangazo ya televisheni ya kuisaidia. Fundi wetu hana, na ndiyo maana lazima ajue ni vitu gani haviendi na namba.

Anwani ya ukurasa wake ndiyo ya kwanza. `instagram.com/mshonaji_kenyenya` haitampeleka mtu kwenye jina jipya. Anwani hiyo imechapishwa kwenye kadi za biashara, kwenye mifuko, labda kwenye kibao cha kibanda, na kwenye mraba wa kuskani uliobandikwa ukutani. Mraba huo ukitengenezwa kutokana na anwani ya ukurasa unakufa siku jina linapobadilika. YouTube ndiyo yenye huruma: kwa zile siku 14, anwani ya zamani na mpya zote zinafanya kazi. Pia pale watu walipomtaja kwa @ katika jumbe za zamani za X, maandishi yanabaki kama yalivyoandikwa, na atakayeyabonyeza anaweza kumkuta mgeni.

Mgeni huyo ndiye hatari ninayoiogopa kuliko zote. Jina lililoachwa ni nyumba tupu yenye wageni wanaoendelea kubisha hodi. Tapeli akiliokota, anaweka picha zile zile za magauni, anangoja mtu wa Nairobi amwandikie, kisha anaomba malipo ya awali. Mteja hana sababu ya kushuku, kwa kuwa jina ni lile alilolijua. Kule X jina linaweza kuwa wazi mara tu unapoliacha, kwa hiyo dakika ile ile fungua akaunti ya pili ulichukue mwenyewe, uweke picha ya kibanda na sentensi moja ya kuelekeza watu kwenye jina jipya, basi. Hapa akaunti ya pembeni ina kazi, kwa kuwa inashika jina la zamani. Instagram utangoja zile siku 14 ziishe, ndipo ujaribu.

Sasa kutangaza. Wiki moja kabla, aweke posti yenye majina yote mawili ndani ya picha, kwa herufi kubwa, aibandike juu ya ukurasa. Picha ya wasifu asiiguse. Mtu anayepitisha kidole kwenye skrini humtambua fundi wake kwa ile picha ndogo ya mviringo kabla hajasoma jina, na anayebadili picha na jina siku moja huwafanya wafuasi waone akaunti wasiyokumbuka kuifuata. Hao ndio wanaoondoka kwa hiari yao, na mtambo hauna lawama. Picha ibadilike mwezi ujao, ikibidi.

Ile sehemu ya `Name` pale Instagram, tofauti na `Username`, nayo husomwa na kitafutio. Aandike humo "Mshonaji Gusii, zamani Mshonaji Kenyenya". Anayetafuta kwa jina la zamani ana nafasi nzuri ya kumfikia. Aliache hapo miezi kadhaa, maana mteja wa sare huja Januari na huenda asionekane tena hadi Januari nyingine.

WhatsApp ni habari tofauti, kwa sababu pale kinachomtambulisha mtu ni namba ya simu yenyewe. Kama fundi anabadili laini pamoja na jina, asiingize tu laini mpya na kuanza upya. Aingie `Settings`, `Account`, `Change number`. Akaunti, wasifu na makundi vitahamia namba mpya, na ataulizwa kama anataka kuwajulisha watu wote alio nao, wale aliowasiliana nao tu, au wachache anaowachagua. Makundi yake yataarifiwa bila kuulizwa. Viungo vya `wa.me` alivyoviweka Instagram vina namba ya zamani ndani yake, kwa hiyo aviandike upya kwa mkono. Laini ya zamani asiitupe mapema. Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika hugawiwa mtu mwingine, na huyo atapokea simu za wateja wake.

Till yake ya M-Pesa aiache kama ilivyo, na katika kila tangazo ataje jina la biashara linalotokea kwenye ujumbe wa malipo. Mteja mwenye wasiwasi kama anazungumza na fundi wa kweli atalinganisha jina hilo, ambalo tapeli aliyeokota `mshonaji_kenyenya` hawezi kulionyesha.

Baada ya mwezi, aazime simu ya mtu asiyemfuata, aandike jina la zamani kwenye kitafutio cha kila mtandao, kisha aone nani anajitokeza. Akikuta ukurasa wenye picha zake, auripoti kama akaunti inayojifanya mtu mwingine, na awaombe wateja watatu au wanne wauripoti pia siku hiyo hiyo.