Tarehe Iliyo Chini ya Ripoti ya Mkaguzi

Fungua taarifa za fedha za kampuni yoyote iliyokaguliwa, nenda kwenye ripoti ya mkaguzi, kisha shuka hadi chini kabisa. Utakuta jina la kampuni ya ukaguzi, sahihi, mji na tarehe. Wasomaji wengi huangalia kama hati ni inayoridhisha au ina shaka, wakaishia hapo. Tarehe huipita kama tarehe ya barua yoyote. Mkaguzi haiangalii hivyo. Kwake tarehe hiyo ni tamko kwamba kufikia siku ile alikuwa na ushahidi wote aliouhitaji, na kwamba mambo yaliyotokea tangu mwaka wa hesabu ufungwe ameyafuatilia mpaka siku hiyo. Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 700 kinakataza ripoti kuwekwa tarehe iliyo mapema kuliko siku ushahidi ulipotimia, ukiwamo ushahidi kwamba wenye mamlaka katika kampuni wamekiri kuwa hesabu ni zao.

Yanayofanyika katika siku chache kabla ya tarehe hiyo hayaonekani na watu wa nje, nami naamini ndiyo yanayotofautisha ukaguzi wa kweli na karatasi iliyopigwa muhuri. Nitayaeleza kwa kampuni ya kubuni, ila mambo yake hutokea kila msimu wa ukaguzi.

Kampuni yetu inauza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Mwaka wake wa hesabu umefungwa tarehe 31 Desemba 2024, na rasimu inaonyesha faida kabla ya kodi ya shilingi milioni 800. Wakaguzi walipopanga kazi waliweka kiwango cha umuhimu cha milioni 40, yaani asilimia 5 ya faida hiyo. Maana yake ni kwamba makosa yakifika kiasi hicho, mtu anayezitegemea hesabu, awe benki au mwanahisa, anaweza kufanya uamuzi usio sahihi. Vijana wa ukaguzi wamekwisha kurudi ofisini kutoka kwa mteja, na ripoti imepangwa kutolewa Ijumaa ya tarehe 28 Machi 2025. Wiki moja kabla ya hapo meneja wa ukaguzi anafungua orodha ya mwisho ya kuhakiki faili.

Orodha hiyo ina maswali mengi, na kila swali lina nafasi ya kutia alama na jina la aliyekagua. Je, barua za benki zote zimerudi? Je, kumbukumbu za vikao vya bodi zimesomwa hadi cha mwisho? Je, kampuni inaweza kuendelea na biashara kwa angalau miezi 12 ijayo? Je, makosa yote yaliyogunduliwa yamejumlishwa? Maswali ni mazuri. Hatari yake ni kwamba alama hutiwa kwa sekunde moja, na mtu aliyechoka mwishoni mwa Machi anaweza kutia alama sitini kabla chai haijapoa. Kwa hiyo meneja anayeijua kazi haanzi na alama. Anaanza na hoja zilizobaki wazi, na katika faili letu ziko tatu.

Hoja ya kwanza ni deni. Mkandarasi mmoja alidaiwa milioni 62 mwisho wa mwaka. Alilipa milioni 25 katikati ya Januari, kisha akanyamaza, na Februari akafunga ofisi. Kijana aliyeishughulikia ameandika: "Menejimenti imeeleza kuwa mteja atalipa. Hoja imefungwa." Hapo ndipo faili nyingi huharibika. Maelezo ya menejimenti ni jibu, lakini jibu halifungi hoja. Hoja hufungwa na ushahidi ambao mtu mwingine, asiyekuwapo siku ile, anaweza kuusoma na kufikia uamuzi uleule. Meneja anairudisha na kutaka mambo mawili: taarifa za benki za Januari hadi Machi, na historia ya malipo ya mkandarasi huyo kwa mwaka mzima wa 2024.

Historia ndiyo inayosema kweli. Ankara nyingine zilikuwa hazijalipwa tangu Juni, na mwezi Novemba hundi zake mbili zilirudishwa na benki. Mhasibu wa kampuni anajitetea kwamba ofisi ilifungwa Februari, hivyo hasara ni ya mwaka 2025. Hoja yake ina sura ya haki, ila kiwango cha uhasibu namba 10, IAS 10, kinauliza swali jingine: hali yenyewe ilikuwapo lini? Kama mkandarasi alikuwa amekwisha kuelemewa kabla ya tarehe 31 Desemba, kufungwa kwa ofisi kumethibitisha tu kilichokuwapo, na hesabu za 2024 lazima zirekebishwe kwa milioni 37 zilizobaki. Ingekuwa alikuwa analipa vizuri, kisha ghala lake likateketea kwa moto mwezi Februari, tukio hilo lingekuwa la 2025, na kwa hesabu za 2024 lingehitaji maelezo tu, iwapo ni kubwa kiasi cha kumhusu msomaji.

Hoja ya pili ni nyepesi. Shehena ya mabati ya milioni 18 ilipokewa ghalani tarehe 30 Desemba na ikahesabiwa kwenye bidhaa zilizopo, lakini ankara ya msambazaji imeingizwa vitabuni Januari. Mali imehesabiwa bila deni lake, na faida imekuzwa kwa milioni 18.

Sasa tazama mtego ulipo. Milioni 37 ziko chini ya 40. Milioni 18 ziko chini zaidi. Anayezipitia hoja moja moja ataandika mara mbili "chini ya kiwango cha umuhimu", na orodha itajaa alama. Kwa sababu hiyo kila kosa, isipokuwa yale madogo kabisa, huingizwa kwenye jedwali moja la makosa ambayo hayajasahihishwa. Kwenye jedwali letu jumla ni milioni 55, na faida ya kweli ni milioni 745.

Mkurugenzi wa fedha anakuja na pendekezo. Atasahihisha mabati, hizo milioni 37 aachiwe. Kwa tarakimu tu anaonekana yuko salama, lakini kwa nyembamba sana, kwa sababu kiwango chenyewe hakina budi kupimwa upya faida inapobadilika: asilimia 5 ya milioni 745 ni milioni 37 na robo. Na hapo bado hatujayagusa makosa ambayo wakaguzi hawakuyaona, maana hakuna anayekagua kila risiti.

Mshirika wa kampuni ya ukaguzi, yule atakayetia sahihi, habishani juu ya robo milioni. Anauliza kama kuna mtu anayefaidika na faida kubaki juu. Meneja anafungua mikataba iliyo kwenye faili na kukuta kwamba wakurugenzi hupewa bonasi faida ikivuka milioni 750. Mabati yakisahihishwa peke yake, faida inabaki milioni 782 na bonasi inalipwa. Deni likisahihishwa pia, hailipwi. Kosa linalowapa fedha watu walewale wanaoomba liachwe ni kosa kubwa, hata lingekuwa dogo kwa tarakimu. Mshirika anawaambia wakurugenzi wazi: ama makosa yote mawili yanasahihishwa, ama hati itakuwa na shaka. Yanasahihishwa.

Inabaki hoja ya tatu. Kampuni ina akaunti katika benki tatu, na moja haijajibu barua ya uthibitisho. Mteja anasema salio linaonekana kwenye taarifa ya benki, kuna haja gani ya kusubiri? Haja ni kwamba barua hiyo hutoka benki moja kwa moja hadi kwa mkaguzi bila kupitia mikononi mwa mteja, na inaweza kutaja mambo ambayo taarifa ya benki haiyaonyeshi: mikopo, rehani na dhamana. Ijumaa ya tarehe 28 inapita bila ripoti. Barua inafika Jumatano ya tarehe 2 Aprili. Salio ni sahihi, lakini chini yake kuna dhamana ya milioni 120 ambayo kampuni imeuwekea mkopo wa kampuni nyingine ya mmoja wa wakurugenzi. Ni lazima iandikwe kwenye maelezo ya hesabu, na mshirika lazima atulie na kujiuliza kwa nini hakuna aliyeitaja walipoulizwa. Mtu aliyeficha jambo hilo, au aliyelisahau, maneno yake mengine yanabeba uzito gani? Anaagiza maelezo mengine muhimu ya mkurugenzi huyo yatafutiwe ushahidi wa pembeni.

Tarehe ikisogea, kazi nayo inaongezeka. Hili wateja wengi hawalijui, nao hulalamikia ucheleweshaji. Ripoti ya tarehe 4 Aprili inadai wakaguzi waulize tena kama kuna kesi mpya, wasome kikao cha bodi kilichofanyika katikati na kutazama miamala ya benki ya siku hizo za ziada. Barua ambayo menejimenti huandika kuthibitisha kuwa imetoa taarifa zote haiwezi kuwa na tarehe ya baada ya ripoti, na inatakiwa iwe karibu nayo kadiri inavyowezekana. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 4 Aprili wakurugenzi wanapitisha na kusaini hesabu, barua inasainiwa, mshirika anamalizia kusoma kazi ya maeneo yenye hatari zaidi, anaandika jina na tarehe kwenye faili, ndipo anasaini ripoti. Kampuni hii ingekuwa kwenye soko la hisa, mkaguzi mwingine mzoefu asiyehusika na kazi hiyo angepaswa kuwa amemaliza mapitio yake kabla ya tarehe hiyo kuandikwa.

Baada ya hapo kuna siku, kwa kawaida zisizozidi 60, za kukusanya faili la mwisho. Ruhusa ni ya kupanga karatasi, kuondoa rasimu na kuweka namba za rejea. Ushahidi unaotegemeza maoni ulipaswa kuwapo kabla ya sahihi. Uingereza wameiona gharama ya kuuvuka mpaka huo. Kampuni ya ujenzi ya Carillion ilianguka Januari 2018, na ilipochunguzwa kazi ya wakaguzi wake, KPMG, ilibainika kwamba watumishi wao walitunga kumbukumbu za vikao na kuzipeleka kwa wasimamizi kana kwamba ziliandikwa wakati wa ukaguzi. Mwaka 2022 KPMG ilitozwa faini ya pauni milioni 14.4 kwa kosa hilo na jingine la aina hiyo kwa mteja mwingine.

Wewe unayepokea hesabu zilizokaguliwa, iwe kwenye saccos, kijijini, kanisani, msikitini au kwenye kampuni uliyonunua hisa, tafuta tarehe mbili: ya wakurugenzi au viongozi kusaini hesabu, na ya mkaguzi kusaini ripoti. Ukikuta mkaguzi amesaini kabla yao, simama kwenye mkutano mkuu uulize ilikuwaje akatoa maoni juu ya hesabu ambazo wenyewe walikuwa hawajazikubali.