Maarufu, Mashuhuri na Aliyekubuhu: Jina la Mlozi katika Sentensi ya Wasifu

Ukivuka Mto Songwe kutoka Njisi na kufuata mwambao wa ziwa kuelekea kusini, utafika Karonga, aliponyongwa Mlozi bin Kazbadema mwezi Desemba 1895. Mwandishi wa wasifu akimwita "mfanyabiashara maarufu wa watumwa", anadai tu kwamba alijulikana. Akiandika "mashuhuri", anaongeza heshima, na msomaji atashtuka. Vivumishi hivi havichukui kiambishi cha ngeli, hivyo "mfanyabiashara wa watumwa maarufu" huweza kuwapa umaarufu watumwa wenyewe.

"Aliyekubuhu" hulaumu, lakini hulaumu mazoea wala si sifa iliyoenea: mlevi aweza kukubuhu asijulikane hata kijiji cha pili. Tena kitenzi hiki hutaka nomino ya tendo. "Mlozi aliyekubuhu" litasomwa kuwa mchawi aliyebobea, nayo herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi haimsaidii msomaji.

Kuunganisha umaarufu na lawama, kwa maoni yangu, hufaa kirai kinachotaja tendo: "aliyejulikana kwa mashambulizi ya 1887 dhidi ya Wangonde". Hapo lawama hubebwa na tukio, nalo huthibitishika.