Maswali ya mtahini hutoka wapi ndani ya ripoti

Mwanafunzi anayejiandaa kuitetea ripoti ya mradi wake wa mwaka wa mwisho mbele ya watahini kwa kawaida huanzia sura ya kwanza na kuandika swali moja kwa kila sura: lengo lako lilikuwa nini, ulitumia mbinu gani, ulipata nini. Orodha hiyo hujaa upesi. Tufuate njia nyingine, ya kuanzia mwisho kurudi nyuma, tuone inatufikisha wapi.

Ripoti tutakayoitumia imebuniwa kwa ajili ya somo hili, lakini tatizo lake ni la kweli. Visima virefu vingi vya Nakuru hutoa maji yenye floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, na wakazi wanayafahamu meno ya kahawia ya watoto waliokua wakiyanywa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Njia mojawapo ya kuipunguza, ambayo Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilisaidia kuieneza, ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya mifugo.

Tuseme mwanafunzi wetu yuko Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Aliweka kilo 2 za mkaa huo ndani ya chujio, akapitisha maji yenye miligramu 6 za floraidi kwa lita, akawa anayapima yanayotoka. Yalifika kiwango cha 1.5 baada ya lita 800. Ripoti yake inahitimisha mambo mawili: kila gramu ya mkaa ilinasa miligramu 2.4 za floraidi, na chujio hilo litaitosha familia kwa siku 40.

Chukua dai la kwanza na uulize namba yake ilizaliwaje. Miligramu 6 mara lita 800 ni 4,800. Gawanya kwa gramu 2,000, unapata 2.4. Hesabu haina kosa la kuzidisha wala kugawanya. Lakini ili iwe kweli, maji yaliyotoka yangepaswa kukosa floraidi kabisa tangu lita ya kwanza hadi ya mwisho, na ripoti yenyewe inasema floraidi yake ilipanda polepole mpaka 1.5. Dhana hii haikuandikwa popote, na hapo ndipo mtahini huweka kidole: “Floraidi iliyotoka pamoja na maji uliihesabu wapi?”

Jibu la mfano lisiikwepe dosari. Tuseme wastani wa vipimo vya maji yaliyotoka ni 0.5. Mwanafunzi anaweza kusema: “Hesabu hiyo ilichukulia kwamba floraidi yote ilinaswa. Nikitoa iliyopita, kila lita iliacha miligramu 5.5, jumla 4,400, yaani 2.2 kwa gramu. Hitimisho kwamba maji yalibaki salama hadi karibu lita 800 halibadiliki, kwa kuwa lilitokana na vipimo vyenyewe.” Jibu hili limekiri, limesahihisha kwa ushahidi, kisha limeonyesha kosa linaishia wapi. Sehemu ya tatu ndiyo husahaulika zaidi, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote, maana bila hiyo mtahini hawezi kujua kama ripoti nzima imeanguka.

Dai la pili lina dhana iliyo wazi zaidi: lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia. Hapa mtahini hubadilisha hali: “Kisima cha jirani kina miligramu 12. Je, ni siku 20?” Jibu: “Ningezichukua siku 20 kama makisio ya kuanzia tu. Maji yenye floraidi nyingi huweza kuufanya mkaa unase zaidi kwa kila gramu, lakini kasi ya maji na pH navyo huathiri, na mimi nilijaribu maji ya kisima kimoja. Ningeanza kupima mapema kabla ya siku hizo kuisha.”

Orodha ya sura kwa sura isingeyafikia maswali haya mawili, kwa sababu yote yametoka katika nafasi iliyopo kati ya namba na dhana inayoishikilia. Ndiyo maana naona maswali sita ya namna hii yanafaa kuliko thelathini ya vichwa vya sura.

Majibu yakishaandikwa, mpe mwenzako orodha na umwombe abadilishe namba moja katika kila swali. Anayejibu 2.2 hata baada ya kuambiwa wastani ni 0.8 amekariri, anayeelewa atafika 2.08. Na mwanafunzi akiulizwa kasi ya maji ndani ya chujio, ambayo ripoti haikuitaja, jibu sahihi ni kwamba hakuipima, likifuatwa na jinsi ambavyo angeipima: chombo cha lita moja na saa.