Kwa Nini Damu Hupungua Ilhali Chuma Kimo Mwilini

Mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kumeza vidonge vya madini ya chuma kwa wiki kadhaa na damu yake isiongezeke. Mara nyingi chuma kimo mwilini, ila kimefungiwa.

Kwa siku, utumbo hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu za chuma, ilhali uboho wa mifupa huhitaji takriban miligramu 20 kutengeneza chembe nyekundu za damu. Kiasi kikubwa hutokana na chembe kuukuu zinazovunjwa kwenye wengu na ini. Protini iitwayo transferini husafirisha chuma hicho, na akiba huwekwa ndani ya feritini.

Ini hutoa homoni ya hepsidini, ambayo hufunga milango ya kutolea chuma kwenye utumbo na kwenye akiba. Maradhi ya muda mrefu, kama kifua kikuu na baridi yabisi, huipandisha homoni hii. Vijidudu hunyimwa chuma, lakini uboho nao hukikosa.

Tuseme vipimo vya mgonjwa vinaonyesha feritini 250, na transferini imebeba chuma asilimia 12 tu. Ghala limejaa, barabara ni tupu. Katika upungufu wa kawaida wa chuma, feritini huwa chini ya 30.

Tiba ya kwanza ni kumaliza dawa za kifua kikuu: uvimbe ukitulia, hepsidini hushuka na chuma huachiliwa. Usianze wala kuacha vidonge vya chuma kabla ya kumuuliza daktari.