Mlango Unaolipia Dawati

Chukua karakana ya useremala ya kiasi, kama zile za Keko, Dar es Salaam. Inatengeneza vitu viwili tu: madawati ya shule, na milango ya mninga iliyochongwa kwa mkono. Bei ya mbao za kila dawati inajulikana, na fundi hulipwa kwa saa alizofanya kazi. Hizo ni gharama za moja kwa moja, na hazimsumbui mtu. Kazi iko kwenye zile nyingine: umeme, kunoa misumeno, matengenezo na uchakavu wa mashine, kodi ya eneo, mshahara wa msimamizi na wa mlinzi. Huwezi kulinyooshea kidole dawati fulani ukasema hili ndilo lililomaliza umeme wa jana. Hata hivyo, bei za kuuzia lazima zirudishe fedha hizo zote, kwa hiyo ni lazima mtu aamue kila bidhaa ibebe kiasi gani.

Njia ambayo wengi huikimbilia ni kutumia kiwango kimoja. Unajumlisha gharama zote hizo za mwezi, unazigawa kwa saa zote za kazi za mafundi, na jibu unalibandika kwenye kila bidhaa kulingana na saa ilizochukua. Tuseme gharama hizo ni shilingi 12,000,000 kwa mwezi na saa za mafundi ni 2,000. Kiwango kinakuwa shilingi 6,000 kwa saa. Dawati linachukua saa 4 za fundi, basi linabebeshwa 24,000. Mlango unachukua saa 30, kwa sababu ya patasi na msasa, basi unabebeshwa 180,000. Karakana ikitoa madawati 200 na milango 40, saa zote zimetumika na milioni 12 zote zimegawiwa. Kwenye karatasi hesabu imekaa sawa.

Sasa ingia karakanani utazame. Katika zile milioni 12, milioni 9 zinatokana na mashine: msumeno wa umeme, mashine ya kuranda, kinu cha kutoboa. Mchongaji wa milango yuko uani chini ya mti na patasi zake, na kutwa nzima hagusi swichi. Ukiweka daftari kando ya mashine, kila fundi akaandika ameanza saa ngapi, amemaliza saa ngapi na alikuwa anapasua mbao za kitu gani, utakuta kwamba mashine zimefanya kazi saa 600 kwa mwezi. Kila dawati limetumia saa 2 na nusu, na kila mlango saa 2 na nusu vilevile. Mbele ya mashine, dawati na mlango ni sawa kabisa. Kilichourefusha mlango ni mkono wa mtu, na mkono wa mtu hauli umeme.

Basi tugawe upya kwa viwango viwili. Zile milioni 9 za mashine tunazigawa kwa saa 600 za mashine, tunapata 15,000 kwa saa. Milioni 3 zilizobaki tunazigawa kwa saa 2,000 za mafundi, tunapata 1,500. Dawati sasa linabeba 37,500 za mashine na 6,000 za kazi ya mikono, jumla 43,500. Mlango unabeba 37,500 zilezile na 45,000, jumla 82,500. Kwa hesabu ya awali, dawati lilikuwa limebeba karibu nusu tu ya mzigo wake, na mlango zaidi ya maradufu.

Weka bei, uone maana yake. Mbao na fundi wa dawati ni 72,000. Kwa kiwango kimoja gharama yake yote inafika 96,000, na likiuzwa 110,000 mwenye karakana anaamini amepata faida ya 14,000. Kwa viwango viwili gharama ni 115,500: kila dawati linamtia hasara ya 5,500. Mlango una 290,000 za mbao na fundi. Kwa kiwango kimoja unagharimu 470,000, ukiuzwa 520,000 unaleta 50,000. Kwa viwango viwili unagharimu 372,500, na faida yake ni 147,500.

Kinachofanya kosa hili lidumu miaka ni kwamba faida ya jumla haibadiliki. Jumlisha madawati 200 na milango 40 kwa hesabu yoyote kati ya hizo mbili, utapata shilingi 4,800,000. Mkaguzi wa mwisho wa mwaka hataona tatizo. Dalili ziko sokoni. Karakana inashinda kila tenda ya madawati bila jasho, na wenye mashine kama zake hawaji hata kushindana. Kwenye milango, jirani anauza 450,000, na mwenyewe anabaki kushangaa huyo jirani anapata wapi mbao za bei rahisi. Halafu mauzo yanapanda huku faida ikishuka, kwa kuwa kinachoongezeka ni madawati.

Baya zaidi hufuata wateja wa milango wakihama. Milango ikiisha, saa za mafundi zinabaki 800, lakini mashine, kodi na mlinzi bado wapo. Tuseme gharama zimeshuka hadi milioni 11 tu. Kiwango kimoja sasa ni 13,750 kwa saa. Dawati lilelile linabebeshwa 55,000, na gharama yake inaruka hadi 127,000. Mwenye karakana anapandisha bei, anapoteza tenda, saa zinapungua tena, kiwango kinapanda tena.

Ugonjwa huu si wa leo. Mwaka 1901 mhandisi Alexander Hamilton Church aliandika katika jarida la wahandisi akiulaumu mtindo wa kupakia gharama za kiwanda juu ya ujira, akataka kila mashine ihesabiwe kama eneo lenye kodi yake. Miaka ya 1980, Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard walikuta jambo la jamii hiyo kwenye kiwanda cha vipuri cha John Deere, Marekani. Pale tatizo halikuwa saa za mashine peke yake. Vipuri vilivyotengenezwa vichache vichache vilidai mashine iseti upya kila mara, na muda huo wa kuseti ulikuwa umesambazwa juu ya vipuri vyote, vya oda kubwa na ndogo. Karakana yetu ikianza kupokea oda za meza mbilimbili, itahitaji kiwango cha tatu, cha kuseti.

Je, kila mtu aanze kuhesabu hivi? Hapana. Anayeoka mkate wa aina moja tu hana haja, wala yule ambaye bidhaa zake zote zinapita mashine na mikono kwa uwiano uleule. Na kodi ya eneo huigawi kwa haki kamili hata ukiwa na viwango kumi. Utachagua kipimo kinachoelekea, basi.

Tena ile hasara ya 5,500 isimtume mtu kuacha madawati kesho. Kila dawati linauzwa 110,000 na mbao na fundi wake ni 72,000, kwa hiyo linaacha 38,000 za kulipia mashine na kodi. Madawati 200 yanaacha 7,600,000 kwa mwezi. Akiyaacha, umeme na kunoa misumeno vitapungua, lakini kodi na uchakavu havitapungua. Gharama zisiposhuka kwa zaidi ya milioni 7.6, kuyaacha kutamwongezea hasara. Aanze na bei: alipandishe dawati hadi 120,000 kwenye tenda ijayo, na mlango aushushe hadi 450,000, ambapo bado unamwachia 77,500.