Riba ikipanda, marejesho yako yataongezeka kwa kiasi gani?

Desemba 2023 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5 kwa mara moja. Wenye mikopo ambayo riba yake hubadilika walianza kuulizana: mimi nitaongezewa ngapi?

Wengi hupiga hesabu kwa pesa walizokopa mwanzo. Hilo ni kosa. Kinachohesabiwa ni deni lililobaki, na miezi iliyobaki.

Tuseme mtu wa Ukunda alikopa kujenga vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa hoteli za Diani. Amebakiwa na shilingi 900,000 na miezi 120, riba ni asilimia 15. Kila mwezi analipa 14,520. Riba ikifika 17, atalipa 15,642, yaani nyongeza ya 1,122. Jirani yake naye anadaiwa hizo hizo 900,000, ila amebakiwa na miezi 36 tu. Yeye atatoka 31,199 hadi 32,087. Nyongeza yake haifiki hata 900, kwa sababu deni lake linashuka upesi na riba hutozwa kwa kilichobaki.

Mwenye simu yenye programu ya majedwali, kama Eksel, aandike hivi kisha abadilishe tarakimu aweke zake:

```
=PMT(17%/12,120,-900000)
```

Jibu la benki laweza kupishana na lako kidogo, maana kuna benki zinazohesabu riba kwa siku.

Sasa, kuna jambo ambalo mimi naliogopa kuliko hiyo elfu moja na ushei. Baadhi ya benki haziongezi marejesho. Unaendelea kulipa 14,520 kama kawaida, nawe unashukuru Mungu kwamba hujaguswa. Kumbe kilichoongezwa ni muda.

Mtazame yule wa miezi 120. Kwa asilimia 15, riba ya mwezi wa kwanza ni 11,250, kwa hiyo katika 14,520 zake kunabaki 3,270 za kupunguza deni. Kwa asilimia 17 riba ni 12,750. Zinabaki 1,770, karibu nusu ya zile za kwanza. Akiendelea kulipa kiasi kile kile, deni halitaisha baada ya miezi 120. Litafika mwezi wa 150. Ni miaka miwili na nusu zaidi, kila mwezi 14,520. Jirani wa miezi 36 angezidishiwa mwezi mmoja na siku chache.

Kwa hiyo ukipata ujumbe kwamba riba imepanda na makato hayakubadilika, nenda benki uombe taarifa ya mkopo yenye ratiba mpya. Tazama tarehe ya malipo ya mwisho. Ikiwa imesogea mbele, waulize kama unaweza kulipa ile nyongeza ya 1,122 ili tarehe yako ya zamani irudi.